Malipo Yakikwama Njiani: Hakikisha Kabla ya Kulipa Mara ya Pili



Mazungumzo ya leo yanahusu dakika moja tu katika shughuli ya kulipa. Ni ile dakika ambapo mtu amebonyeza kitufe cha kulipa, amesubiri, kisha skrini ikamwandikia `504 Gateway Timeout` au `Request timed out`. Hakuna risiti, na hakuna neno la kusema kwamba malipo yamekataliwa. Mlipaji anabaki na simu mkononi, hajui kama pesa zimetoka au bado ziko.

Jambo hili linawagusa wengi jijini. Tangu kaunti ilipoanzisha malipo ya kielektroniki kupitia eJijiPay mwaka 2014, ada nyingi ambazo zamani zililipwa kwa noti dirishani zimehamia kwenye simu na tovuti: maegesho katikati ya jiji, vibali vya biashara, kodi ya ardhi na kodi ya nyumba za kaunti. Na nje ya huduma za kaunti, wenye maduka kuanzia Mtaa wa Biashara hadi Kilimani na Westlands wanapokea oda na malipo kwa mtandao. Wote hao, siku moja au nyingine, watakutana na skrini hiyo.

Wengi wakiiona hubonyeza tena. Hapo ndipo mtu hulipa mara mbili.

Maneno hayo yana maana gani

Ili kuelewa kwa nini haifai kubonyeza tena papo hapo, inafaa kujua njia ambayo malipo hupitia. Mlipaji anapobonyeza kitufe kwenye tovuti, ombi lake haliendi moja kwa moja kwenye M-Pesa. Linaanza kwenye seva ya tovuti, kisha linapita kwenye lango la malipo, yaani mfumo unaounganisha tovuti na kampuni za pesa. Lango ndilo linaloiomba M-Pesa itume kwenye simu ile picha ndogo inayomtaka mlipaji aingize nambari ya siri. Akishaingiza, M-Pesa inahamisha pesa, halafu jibu linaanza safari ya kurudi: kutoka M-Pesa hadi kwenye lango, kutoka kwenye lango hadi kwenye tovuti, na mwisho kwenye skrini ya mlipaji.

Kila kituo katika njia hiyo kina subira yake. Programu moja ya seva inayotumika sana duniani, nginx, isipobadilishwa mipangilio husubiri sekunde 60. Zikipita bila jibu kutoka kituo kinachofuata, inaacha kusubiri na kuandika kwamba muda umekwisha. Haisemi kwamba malipo yameshindikana, kwa sababu hilo haliwezi kulijua. Inasema tu kwamba yenyewe haijasikia jibu.

Ni kama mtu aliyemtuma kijana dukani na kumwambia, "Nitakungoja dakika kumi." Dakika kumi zikiisha kijana hajarudi, aliyemtuma hawezi kusema kwamba kitu hakikununuliwa. Huenda kijana hakufika dukani. Huenda alifika akakuta pamefungwa. Na huenda amenunua, amelipa, na sasa anasubiri kuvuka barabara ya Naivasha. Akimtuma kijana wa pili na pesa nyingine, ataletewa pakiti mbili za unga.

Basi malipo yanapokwama, hali huwa mojawapo ya tatu. Ya kwanza, ombi halikufika M-Pesa kabisa. Ya pili, lilifika, lakini mlipaji hakulikamilisha: alikataa, alichelewa, alikosea nambari ya siri au hakuwa na salio la kutosha. Ya tatu, M-Pesa ilikamilisha kazi na pesa zikatoka, ila habari ikapotea au ikachelewa katika safari ya kurudi. Skrini ya mlipaji huandika maneno yale yale katika hali zote tatu.

Mfano wa mwenye duka la nafaka

Chukulia mama mwenye duka la nafaka Kawangware. Asubuhi moja ana shilingi 11,400 kwenye M-Pesa. Shilingi 5,000 ni za kulipia bili ya kibali chake cha biashara, na zilizobaki ni za kwenda Nyamakima, upande wa Barabara ya River, kununua maharagwe ya kuuza wiki hiyo. Kiasi hiki ni cha mfano tu, na ada za kutuma pesa tuziweke kando ili hesabu iwe nyepesi.

Saa nne na dakika mbili anafungua bili yake kwenye tovuti na kubonyeza kitufe cha kulipa. Baada ya sekunde chache simu inamwomba nambari ya siri, na inamwonyesha kiasi na jina la anayelipwa. Anasoma, anaingiza nambari ya siri, anatuma. Tovuti inaendelea kuzunguka kiduara chake. Saa nne na dakika tatu, kiduara kinatoweka na maneno `504 Gateway Timeout` yanatokea.

Kijana anayeuza vifaa vya simu kwenye kibanda cha jirani anachungulia.

"Mama, hiyo imekataa. Bonyeza tena."

"Imekataa, ama imenyamaza tu?"

"Si ni kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja, mwanangu. Nimeshaweka nambari ya siri. Wacha kwanza niangalie pesa zangu ziko wapi."

Swali la mama huyo ndilo kiini cha jambo lote. Kukataliwa ni jibu, na jibu hilo huja na sababu: salio halitoshi, nambari ya siri si sahihi, ombi limefutwa. Kunyamaza si jibu. Aliyekataliwa anaweza kurekebisha kasoro na kujaribu tena. Aliyenyamaziwa hana budi kutafuta jibu kwanza, na jibu hilo haliko kwenye tovuti iliyonyamaza. Liko mahali pesa zilipokuwa.

Kilichotokea nyuma ya pazia katika mfano huu ni hiki. Sekunde chache baada ya mama kuingiza nambari ya siri, M-Pesa ilitoa shilingi 5,000 kwenye akaunti yake na kuziingiza kwenye akaunti ya kaunti. Ikatuma taarifa kwa lango la malipo. Saa hiyo lango lilikuwa limeelemewa na maombi mengi, likachelewa kuipokea na kuipeleka mbele. Tovuti ikangoja sekunde 60, ikachoka. Pesa zilikuwa zimetoka zamani.

Lau mama angefuata ushauri wa jirani, tovuti ingeanzisha ombi jipya kabisa. Simu ingemwomba nambari ya siri tena, naye angeiingiza, na shilingi 5,000 nyingine zingetoka. Angebaki na 1,400, na maharagwe hayangenunuliwa. Kwamba pesa hizo ni haki yake na anaweza kuzidai baadaye ni kweli, lakini wiki hiyo rafu zake zingekuwa tupu.

Hatua za kuhakikisha

Hatua ya kwanza ni swali ambalo mlipaji anaweza kujijibu papo hapo: je, nambari ya siri iliingizwa? Kwa malipo ya namna hii, M-Pesa haitoi pesa kabla mwenye simu hajaingiza nambari yake ya siri. Ikiwa ile picha ya kuomba nambari ya siri haikutokea kabisa, au ilitokea ikatoweka kabla hajagusa kitu, pesa hazijatoka kwa ombi hilo. Hata hivyo asikimbilie kubonyeza tena. Mtandao ukiwa mzito, ombi la kwanza linaweza kutokea kwenye simu likiwa limechelewa. Aliyebonyeza mara mbili ataona maombi mawili yakifuatana, na akiyajibu yote mawili amelipa mara mbili. Dakika mbili au tatu za kungoja zinatosha kuona kama ombi lililochelewa litajitokeza. Likijitokeza, na kiasi na jina la anayelipwa vikiwa sawa, alijibu hilo na asianzishe jingine.

Ikiwa nambari ya siri iliingizwa, malipo yachukuliwe kuwa hayajulikani mpaka rekodi ya M-Pesa iseme vingine. Hiyo ndiyo hatua ya pili: kutafuta rekodi. Wengi hutazama arafa pekee. Arafa ikifika ni ushahidi mzuri, kwani ina msimbo wa muamala wenye herufi na tarakimu kumi, kiasi, jina la aliyelipwa, tarehe na saa. Lakini arafa ikikosekana, hilo halithibitishi kwamba pesa hazikutoka. Arafa ni mjumbe mwingine, na inaweza kuchelewa kama jibu la tovuti lilivyochelewa.

Palipo na uhakika zaidi ni kwenye taarifa ya akaunti yenyewe. Mwenye programu ya M-Pesa kwenye simu anafungua orodha ya miamala yake. Asiye na programu hiyo anapiga `*334#`, anaingia sehemu ya akaunti yake, na kuomba taarifa fupi ya miamala ya karibuni. Kutazama salio pia husaidia, ila tu kwa anayekumbuka vizuri alikuwa na kiasi gani kabla ya kulipa. Mama wa Kawangware alijua alikuwa na 11,400. Akiona 6,400, hahitaji kuambiwa zaidi.

Hatua ya tatu ni kutazama upande wa anayelipwa. Kwa bili ya kaunti, mlipaji afungue tena bili ile ile, kwa nambari ile ile, aone kama imeandikwa kuwa imelipwa. Hapa kuna kosa linalowapata wengi: mtu akiona malipo yamekwama hutengeneza bili mpya kwa huduma ile ile. Sasa ana bili mbili. Malipo ya kwanza yakikamilika yanaingia kwenye bili ya kwanza, naye anaikodolea macho ya pili ikisema haijalipwa, analipa tena. Nambari ya bili ndiyo kamba inayounganisha pesa na huduma, na haifai kuikata katikati ya shughuli.

Baada ya hatua hizo tatu, uamuzi huwa mwepesi. Taarifa ya M-Pesa ikionyesha kwamba pesa zimetoka, hakuna kulipa tena, hata kama bili bado inasema haijalipwa. Kinachosubiriwa hapo ni rekodi mbili kupatanishwa. M-Pesa ikiwa imeleta ujumbe wa kushindikana wenye sababu, mlipaji arekebishe sababu hiyo na kujaribu tena kwa bili ile ile. Na ikiwa nambari ya siri iliingizwa, lakini hakuna muamala kwenye taarifa wala ujumbe wowote, angoje robo saa hivi na kuangalia tena. Ikiwa bado hakuna kitu, na salio halijaguswa, basi anaweza kujaribu tena akiwa na amani.

Pale ambapo hakuna nafasi ya kungoja

Robo saa ni rahisi kwa mwenye bili ya kibali. Kwa dereva aliyeegesha Mtaa wa Muindi Mbingu, karibu na City Market, mambo ni tofauti. Anaogopa kwamba akingoja, atarudi akute gari limefungwa klampu.

Dereva huyo naye aanze na taarifa ya M-Pesa, kwa sababu kuitazama hakuchukui hata dakika mbili. Akikuta pesa zimetoka, aihifadhi arafa au apige picha ya taarifa hiyo kwenye skrini, kisha amweleze mhudumu wa maegesho mapema, kabla ya kuondoka, akimpa nambari ya gari na msimbo wa muamala. Mhudumu hutafuta gari kwenye mfumo kwa nambari yake ya usajili, na hawezi kukisia kwamba malipo yako njiani kama hakuna aliyemwambia. Dereva akikuta pesa hazijatoka, alipe tena huku akihakikisha kwamba nambari ya gari ni ile ile na haina herufi iliyokosewa. Malipo mengi yanayodhaniwa kuwa yamepotea yamo kwenye mfumo, ila kwa jina la gari lisilokuwepo.

Kwa anayelipa kwa kadi ya benki kuna jambo moja la kuongeza. Benki inaweza kuzuia kiasi fulani kwenye akaunti bila kukitoa moja kwa moja. Mwenye kadi anaona salio analoweza kutumia limepungua, lakini muamala umeandikwa kuwa unasubiri. Malipo yasipokamilika, kizuizi huondolewa baadaye na salio likarudi, na muda wa kuondolewa hutegemea benki. Kwa hiyo mwenye kadi asitazame salio pekee. Atazame kama muamala umekamilika au bado unasubiri. Wakati unasubiri, kulipa tena kunaweza kuzuia kiasi cha pili.

Kwa wenye biashara wanaopokea malipo mtandaoni

Sehemu hii inawahusu wakaazi wenye maduka ya mtandaoni, na vijana wanaowatengenezea tovuti zao. Mteja akilipa mara mbili, yeye hataulaumu mtandao. Atalilaumu duka.

Wengi wao huunganisha tovuti na M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom unaoziwezesha programu kuzungumza na M-Pesa. Tovuti inapotuma ombi la kulipwa, Daraja hujibu haraka kwa kuipa ombi hilo nambari yake, inayoitwa `CheckoutRequestID`, pamoja na `ResponseCode` ya `0`. Sifuri hiyo huwapotosha wengi. Maana yake ni kwamba ombi limepokelewa, na bado mteja hajalipa chochote. Matokeo halisi huja baadaye, katika taarifa nyingine ambayo M-Pesa huituma kwenye anwani iliyotolewa na duka.

Taarifa hiyo ya pili ndiyo hupotea: seva ya duka ikiwa imezimika, ikiwa imeelemewa, au anwani ikiwa imekosewa. Mteja ameshalipa, duka halijui. Tovuti iliyotengenezwa vibaya itaiandika oda hiyo kuwa imeshindikana na kumwonyesha mteja kitufe cha kujaribu tena. Tovuti iliyotengenezwa vizuri itaiandika kuwa haijulikani, itakificha kitufe hicho, kisha itamwuliza Daraja yenyewe kilichotokea, ikitumia ile `CheckoutRequestID` iliyoihifadhi mwanzoni. Asiyeihifadhi nambari hiyo hana cha kuulizia.

Jibu la swali hilo hufanana na hili:

```
"ResponseCode": "0",
"ResultCode": "1032",
"ResultDesc": "Request cancelled by user"
```

Hapa tena kuna sifuri ya kupotosha. `ResponseCode` inasema tu kwamba swali limepokelewa. Cha kusomwa ni `ResultCode`. Ikiwa `0`, mteja amelipa na apewe bidhaa yake. Ikiwa `1032`, mteja alifuta ombi. Ikiwa `1`, salio lake halikutosha. Ikiwa `1037`, simu yake haikufikiwa au hakujibu kwa wakati. Inafaa kutochanganya hiyo ya mwisho na maneno ya tovuti kwamba muda umekwisha. Zote zinahusu muda, lakini `1037` ni jibu la M-Pesa yenyewe kwamba ombi limeisha bila malipo, ilhali `504` ni ukimya wa njiani ambao hausemi lolote kuhusu pesa.

Swali likiulizwa mapema mno, wakati mteja bado anaingiza nambari ya siri, Daraja hurudisha kosa lenye maneno `The transaction is being processed`. Programu nyingi huona neno la kosa na kuhitimisha kwamba malipo yameshindikana. Maneno yenyewe yanasema vingine: kazi inaendelea. Tovuti ingoje kidogo iulize tena. Ombi jipya litumwe kwa mteja pale tu la kwanza lilipopata jibu la mwisho la kutolipwa.

Kuna duka dogo lisilo na mtengeneza tovuti wa kuuliza maswali hayo. Mwenye duka huyo atazame rekodi ya malipo ya nambari yake ya biashara, kisha amjibu mteja. Asitegemee arafa iliyo kwenye simu ya mteja peke yake, kwa sababu arafa inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Na asimwambie mteja atume tena "tuone kama itaingia". Mteja akitii, mwenye duka atakuwa amejiongezea kazi ya kurudisha pesa.

Ikiwa tayari umelipwa mara mbili

Kwa aliyekwisha kulipa mara mbili, dai lake linasimama juu ya vitu vitano: misimbo yote miwili ya miamala, nambari ya bili au ya gari, nambari ya simu iliyolipa, kiasi, na tarehe pamoja na saa za malipo yote mawili. Kwa huduma ya kaunti, avipeleke kwa maandishi kwenye ofisi ya mapato iliyohusika na huduma hiyo, abaki na nakala, na aeleze wazi kama anataka kurudishiwa pesa au kiasi kilichozidi kiwekwe kwenye bili nyingine. Msimbo wa muamala ndio unaomwezesha karani kuzipata pesa hizo kati ya maelfu ya malipo mengine. Maelezo kwamba mtu alilipa Jumanne asubuhi hayatoshi.

Safaricom ina njia ya kuomba muamala urudishwe, kwa kuutuma ujumbe wa muamala kwenye `456`. Njia hiyo inafahamika zaidi kwa aliyetuma pesa kwa mtu asiyekusudiwa. Malipo ya pili yaliyoingia kwenye akaunti ya shirika ambalo mlipaji alikusudia kulilipa ni jambo jingine: pesa zilifika zilikotumwa, na shirika hilo ndilo lenye rekodi ya kuonyesha kwamba bili ilikuwa moja. Kwa hiyo inafaa kuanza na aliyelipwa.

Na jambo la mwisho. Katika kuhakikisha malipo, hakuna hatua hata moja inayohitaji mtu mwingine kuijua nambari ya siri. Karani wa kaunti haihitaji, mwenye duka haihitaji, wala mhudumu wa Safaricom haihitaji. Wapo matapeli wanaopiga simu wakidai wanasaidia malipo yaliyokwama, na hupenda kumkuta mtu akiwa katika ile dakika ya wasiwasi. Anayeomba nambari ya siri ili "kufungua" malipo anataka kuiba.

Yule mama wa Kawangware, baada ya kukuta 6,400 kwenye salio lake na muamala kwenye taarifa yake, aliuandika msimbo wake pembeni ya daftari la mauzo, akaifunga tovuti, akapanda matatu kwenda mjini. Aliporudi jioni na maharagwe, aliifungua bili ile ile. Ilikuwa imeandikwa kuwa imelipwa. Lau isingekuwa hivyo, alikuwa na kila kitu cha kwenda nacho ofisini kesho yake, na pesa yake ya biashara ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake.